Pauni 5 na aunsi 8 si 5,8: namna ya kuandika uzito wa mtoto kwa gramu

Juma hili tunazungumza juu ya mstari mmoja mdogo ulio kwenye fishi ya mtoto: mstari wa uzito wa kuzaliwa. Huku kwetu Likasi uzito huo unaandikwa kwa kilo ao kwa gramu. Mtoto wa kilo 3 anaandikwa gramu 3000, na kila mama anaelewa. Shida inaanza siku mama anapofika kupimisha mtoto akiwa na karatasi iliyoandikwa "5 lb 8 oz". Muuguzi anaitazama, mama naye anaitazama, wamama wengine wako nyuma wanangoja, na mtu mmoja anasema: "Andika tu 5,8, halafu tutageuza kwa kilo."

Hapo ndipo hesabu inapotea. Na kwa mtoto mchanga, hesabu hii ikipotea inaweza kumhamisha kutoka kundi la watoto wenye kufuatwa kwa karibu na kumweka kundi la watoto wasio na shida, ao kinyume chake.

Karatasi za namna hii zinatufikia kwa njia mbili. Ya kwanza ni ndugu zetu walio Amerika. Wakongo wengi wamepokelewa kule, wengine wakitoka katika makambi ya wakimbizi ya Tanzania, Uganda na Zambia, na watoto wao wanazaliwa kule. Familia inatumiwa picha kwenye simu: jina la mtoto, saa ya kuzaliwa, na uzito kwa pauni na aunsi. Kisha mama anarudi kuonyesha mtoto kwa babu na bibi, anamupeleka kwenye kituo cha afya, na fishi mpya inapaswa kufunguliwa. Njia ya pili iko hapa hapa kwetu. Mizani ndogo za elektroniki, zenye kutumia betri, zina kifungo cha kubadilisha kipimo. Kidole kikigusa kifungo hicho bila kujua, mizani iliyokuwa inaonyesha kilo inaanza kuonyesha pauni. Mtoto anapimwa, namba inaandikwa kwenye kikaratasi, na mama anaenda nayo nyumbani.

Pauni moja ina aunsi 16

Herufi lb maana yake ni pauni. Inatoka kwenye neno la Kilatini "libra", ndiyo sababu herufi hazifanani na jina. Herufi oz maana yake ni aunsi. Ni vipimo vya zamani vya Waingereza, na Waamerika wanavitumia mpaka leo katika maisha ya kila siku. Sisi tulitawaliwa na Wabeljiji, ambao walikuwa wakipima kwa kilo, na ndiyo maana vipimo hivi ni vigeni kwetu.

Tangu mwaka wa 1959 nchi zenye kutumia pauni zilipatana juu ya thamani moja: pauni 1 ni kilo 0,45359237 kamili. Kwa kazi yetu tukumbuke tu kwamba pauni 1 ni karibu gramu 454, na aunsi 1 ni gramu 28,35.

Jambo kubwa zaidi ni hili: pauni moja inagawanywa kwa aunsi 16. Haigawanywi kwa 10. Hesabu yetu ya kilo inaenda kwa kumi, mia na elfu, kwa hiyo tunaposoma kilo 3,5 tunajua mara moja kwamba ni kilo 3 na nusu. Pauni na aunsi haziendi hivyo. Zinafanana zaidi na saa na dakika. Ukiniambia kwamba safari ilichukua saa 1 na dakika 30, siwezi kuandika saa 1,30. Ni saa 1 na nusu, basi ni saa 1,5, kwa sababu dakika 30 ni nusu ya 60. Vilevile aunsi 8 ni nusu ya 16. Pauni 5 na aunsi 8 ni pauni 5 na nusu. Ni 5,5, si 5,8.

Hesabu yenyewe

Tuchukue karatasi yetu ya 5 lb 8 oz na kuihesabu kwa kalamu. Hatua ni tatu.

Kwanza, geuza kila kitu kuwa aunsi. Zidisha pauni mara 16, kisha ongeza aunsi zilizobaki:

5 × 16 = 80, na 80 + 8 = 88. Mtoto ana aunsi 88.

Pili, zidisha aunsi zote mara 28,35:

88 × 28,35 = 2494,8

Tatu, toa mkato kwa kuchukua gramu nzima iliyo karibu zaidi: gramu 2495.

Sasa hakikisha kwa njia nyingine, maana mkono unaweza kuteleza katika kuzidisha. Chukua pauni, zigawe kwa 2, kisha utoe sehemu moja ya kumi ya jibu. Pauni 5 na nusu zikigawanywa kwa 2 zinatoa 2,75. Sehemu ya kumi ya 2,75 ni karibu 0,28. Ukiitoa inabaki 2,47. Basi mtoto ana karibu kilo 2 na nusu, na jibu letu la 2495 linakubalika. Njia hii ya pili haitoshi kuandikwa kwenye fishi, maana inapotea kwa gramu kama 20 hivi, lakini inakuonyesha haraka kama kuna kosa kubwa.

Kwa wale wasiopenda kuzidisha, hapa chini kuna namba zilizokwisha kuhesabiwa. Unachukua gramu za pauni, unachukua gramu za aunsi, unajumlisha. Unaweza kukata sehemu hii na kuibandika ndani ya kifuniko cha daftari.

Pauni:
3 ni gramu 1361
4 ni gramu 1814
5 ni gramu 2268
6 ni gramu 2722
7 ni gramu 3175
8 ni gramu 3629
9 ni gramu 4082
10 ni gramu 4536

Aunsi:
1 ni gramu 28
2 ni gramu 57
3 ni gramu 85
4 ni gramu 113
5 ni gramu 142
6 ni gramu 170
7 ni gramu 198
8 ni gramu 227
9 ni gramu 255
10 ni gramu 283
11 ni gramu 312
12 ni gramu 340
13 ni gramu 369
14 ni gramu 397
15 ni gramu 425

Mtoto wa 5 lb 8 oz: 2268 + 227 = 2495. Ni jibu lile lile. Mtoto wa 7 lb 3 oz: 3175 + 85 = 3260. Ona kwamba safu ya aunsi inaishia kwenye 15. Ikifika 16, imekuwa pauni nyingine.

Kosa la 5,8 linafanya nini

Turudi kwa yule aliyesema "Andika tu 5,8". Pauni 5,8 zikigeuzwa zinatoa gramu 2631. Uzito wa kweli ulikuwa 2495. Tofauti ni gramu 136. Mtu anaweza kusema kwamba ni kidogo, haifiki hata uzito wa kikombe cha chai kilichojaa. Lakini tofauti hii imevuka mpaka.

Shirika la Afya Ulimwenguni limeweka mpaka kwenye gramu 2500. Mtoto anayezaliwa chini ya gramu 2500, maana yake mpaka 2499, anahesabiwa kuwa mtoto mwenye uzito mdogo. Mtoto huyo anapoteza joto haraka, anachoka haraka wakati wa kunyonya, na magonjwa yanamupata kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo mama yake anaelezwa kumuweka kifuani ngozi kwa ngozi, kumunyonyesha mara nyingi bila kungoja alie sana, na kumurudisha mapema ili apimwe tena. Mtoto wetu wa gramu 2495 yuko ndani ya kundi hilo. Akiandikwa 2631, anatoka kwenye kundi bila mtu yeyote kujua, na maelezo yale mama hatapewa.

Kosa la pili linakuja baadaye, siku ya kumpima tena. Watoto wachanga karibu wote wanapunguza uzito katika siku za kwanza, maana wanatoa maji na choo cheusi kuliko wanavyoingiza maziwa. Kupunguza mpaka sehemu moja ya kumi ya uzito kunaweza kutokea. Kisha wanapanda tena, na wengi wanarudia uzito wa kuzaliwa wakiwa na siku 10 mpaka 14. Kwa hiyo muuguzi, siku ya 14, analinganisha namba mbili: ya leo na ya kuzaliwa.

Tuseme mtoto wetu siku ya 14 ana gramu 2560. Ikiwa fishi inasema 2495, ameongeza gramu 65. Ni vizuri, mama aendelee vile vile. Ikiwa fishi inasema 2631, anaonekana amepunguza gramu 71. Sasa maswali yanaanza: maziwa hayatoshi? Mtoto hanyonyi? Mama anarudi nyumbani na hofu, shangazi wanamwambia anunue maziwa ya kopo, na mtoto aliyekuwa ananyonya vizuri anaanza kupewa chupa. Yote hayo ni kwa sababu ya mkato mmoja.

Na sasa tuangalie mtoto wa pili, ambaye hatari yake ni kubwa zaidi. Karatasi yake inasema 5 lb 12 oz. Hesabu ya kweli: 2268 + 340 = 2608. Lakini mtu ameandika 5,12, na pauni 5,12 zinatoa gramu 2322 tu. Safari hii kosa limempunguza mtoto kwa gramu 286. Siku ya 14 mtoto anapimwa, ana gramu 2450. Kwa fishi yenye kosa, ameongeza gramu 128, na mama anasifiwa. Kwa ukweli, mtoto huyu yuko gramu 158 chini ya uzito aliozaliwa nao, na siku 14 zimekwisha. Ni mtoto wa kuangaliwa leo: anashika titi namna gani, anakojoa mara ngapi kwa siku, kuna homa ama hapana. Anarudishwa nyumbani kwa furaha kwa sababu namba ya mwanzo ilikuwa ndogo kupita ukweli.

Kwa hiyo kosa la mkato linaweza kupandisha uzito ao kuushusha. Aunsi kuanzia 2 mpaka 9, mtu akiziandika nyuma ya mkato, zinapandisha uzito, maana 8 ya kumi ni kubwa kuliko 8 ya kumi na sita. Aunsi 10 mpaka 15 zinaushusha, maana 5,12 inasomwa kama 5 na kidogo tu. Aunsi 1 nayo inapandisha, lakini ikiandikwa 5,1 tofauti ni gramu 17 tu.

Livri ya soko ni kitu kingine

Kuna mtego mwingine ambao unatupata sisi tuliosoma kwa Kifaransa. Kwa Kifaransa pauni inaitwa livri, na wazee wanajua kwamba livri ya soko ni nusu kilo. Kwa hiyo mtu anasema: pauni 5 na nusu ni livri 5 na nusu, basi ni mara 500, jibu ni gramu 2750.

Livri ya soko ni gramu 500 kamili. Pauni ya mizani ya mtoto ni gramu 454. Kila pauni inatofautiana kwa gramu 46, na kwa mtoto wetu zinafika gramu 255. Ukiona uzito wa kuzaliwa kwenye fishi umeandikwa 2750, 3250, 3500 na karatasi ya kwanza ilikuwa ya pauni, uliza ni nani aliyegeuza na alizidisha mara ngapi.

Na aunsi ina ndugu yake pia. Kwenye chupa za maziwa za watoto utaona oz pembeni ya mistari. Hiyo inapima maji yaliyomo ndani, karibu mililita 30 kwa kila aunsi, haipimi uzito wa mtoto. Usiichukue kwa hesabu hii.

Namna ya kuijua mizani inasema nini

Ikiwa mtoto bado yuko mbele yako na mizani inaonyesha pauni, usianze kugeuza. Mutoe mtoto, bonyeza kifungo cha kipimo mpaka kioo kionyeshe kg, ngoja mizani irudi kwenye sifuri, kisha mupime tena. Kugeuza ni kwa uzito uliokwisha kupita, ule wa saa ya kuzaliwa ambao hauwezi kupimwa mara ya pili.

Lakini mara nyingi mizani iko pale na herufi kwenye kioo zimefifia, huwezi kujua kama ni kg ao lb. Tumia mfuko wa sukari wa kilo 1 ambao haujafunguliwa. Uweke juu ya mizani na usome:

Ikionyesha karibu 1,00 ni kilo.

Ikionyesha karibu 2,20 ni pauni zenye kwenda kwa kumi.

Ikionyesha 2 na 3, ao 2 : 3.3, ni pauni na aunsi, maana kilo 1 ni pauni 2 na aunsi 3 na kidogo.

Angalieni vizuri jambo la pili na la tatu. Mizani nyingine inaweza kuonyesha pauni kwa namna zote mbili. Mizani ikionyesha 5.50 kwa pauni zenye kwenda kwa kumi, hiyo ni pauni 5 na nusu kweli, na unazidisha mara 453,6 moja kwa moja bila kutafuta aunsi. Kwenye kioo nukta inachukua nafasi ya mkato wetu. Alama moja inasaidia: aunsi haziwezi kufika 16. Ukiona namba ya nyuma ni 50 ao 75, hizo si aunsi. Lakini ukiona 5.12, inaweza kuwa kitu chochote kati ya viwili hivyo, na hapo bila mfuko wa sukari ao bila kuuliza aliyepima, huwezi kujua. Kukisia hakutasaidia, kwa sababu jibu moja ni 2322 na lingine ni 2608, na yote mawili ni uzito ambao mtoto anaweza kuzaliwa nao.

Kuna njia ya akili pia. Watoto wengi waliotimiza miezi tumboni wanazaliwa kati ya gramu 2500 na 4000. Kikaratasi kikisema tu "6,9" bila kipimo, mtoto huyo hana kilo 6,9. Ni uzito wa mtoto aliyekwisha kuwa na miezi kadhaa. Lazima ni pauni, na kazi inayobaki ni kujua kama ile 9 ni aunsi ao ni sehemu ya kumi.

Mahali hesabu inapofikia mwisho wake

Mtoto wetu wa 5 lb 8 oz alitoka gramu 2495, yaani gramu 5 tu chini ya mpaka. Je, tunaweza kuapa kwamba alikuwa chini ya 2500? Hapana. Aliyeandika aunsi 8 alikata sehemu ndogo za aunsi. Mizani ilikuwa inaweza kusema aunsi 7 na nusu, ao 8 na karibu nusu. Kwa gramu, mtoto alikuwa mahali fulani kati ya 2481 na 2509. Hesabu haiwezi kurudisha kile ambacho kalamu ilikata.

Kwa mtoto aliyezaliwa Amerika kuna dawa ya jambo hili. Hospitali za kule mara nyingi zinapima mtoto kwa gramu, na pauni ni za kutangazia familia. Hata fomu ya kawaida ya Amerika ya kuandikisha kuzaliwa, ile ya mwaka wa 2003, inasema kwamba gramu ndizo zenye kupendelewa. Basi mwambie ndugu yako asitume tu picha ya kadi nzuri yenye maua. Atume ukurasa wa hospitali wenye uzito. Na aangalie kwamba ni uzito wa kuzaliwa, maana ukurasa huo huo unaweza kuwa na uzito wa siku ya kutoka hospitali, ambao kwa kawaida ni mdogo zaidi kwa sababu ya kule kupunguza tulikokwisha kueleza.

Ikiwa gramu za kwanza hazipatikani, andika jibu la hesabu na umhesabu mtoto kuwa chini ya mpaka. Kumuweka mtoto wa gramu 2505 ngozi kwa ngozi hakumuumizi. Kumuacha wa 2485 bila uangalizi kunaweza kumuumiza.

Tunaandika nini kwenye fishi

Tunaandika gramu nzima, bila mkato, na pembeni tunaacha maneno ya karatasi ya kwanza kama yalivyokuwa. Kwa mtoto wetu mstari unakuwa hivi:

Uzito wa kuzaliwa: 2495 g (karatasi ya kwanza: 5 lb 8 oz)

Maneno yaliyo ndani ya mabano yana kazi yake. Muuguzi mwingine, miezi sita baadaye, Kikula ao Shituru ao Lubumbashi, akiona kilima cha mtoto kinaenda vibaya kwenye fishi, anaweza kurudia hesabu mwenyewe kwa dakika moja. Ikiwa kuna 2495 peke yake, hana njia ya kujua kama namba ilipimwa ao iligeuzwa. Na ile karatasi ya kwanza mama asiitupe. Aikunje ndani ya fishi, ikae pale mpaka mtoto atakapomaliza CPS akiwa na miaka mitano.

Kwa fishi za zamani ambazo zinasema 5,8 ao 6,11 bila maelezo, musifute kwa Bik nyeusi. Pigeni mstari mmoja ili namba ya zamani ibaki yenye kusomeka, andikeni mpya juu yake pamoja na tarehe, na mumuombe muuguzi atie sahihi yake pale. Namba 6,11 peke yake inaweza kuwa 6 lb 11 oz, yaani 2722 + 312, ambayo ni gramu 3034. Lakini kabla ya kuandika 3034 tafuteni kwanza ile karatasi ya kwanza.